MSANII NA MSHAHARA: LINI MTU AWEZA KUACHA KAZI YA KIWANDANI?



Hapa Gisenyi, katika kiwanda cha bia, katika viwanda vya chai na katika mashamba, wako wenzetu wengi wenye kazi ya pili. Siku sita ni za mwajiri. Jumamosi jioni na Jumapili ni za sanaa: huyu anapiga gitaa hotelini kando ya ziwa, huyu anachora, huyu anapiga picha na video za arusi. Kila mwaka, baada ya miezi ya arusi kumalizika, swali moja huulizwa: "Ikiwa sanaa yangu inaniletea fedha nyingi kuliko mshahara, kwa nini nisiache kazi?"

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe hupatikana katika daftari. Katika makala haya tutachukua mfano wa mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha chai ambaye ni mpiga picha na video za arusi. Mfano huu tumeutunga, na tarakimu zake ni za kufundishia tu. Kila msomaji aweke zake mwenyewe, kwani njia ya kuhesabu ni ile ile kwa mwanamuziki, mchoraji au mchonga vinyago.

FEDHA ILIYOPITA MKONONI NA FEDHA ILIYOBAKI

Mwenzetu huyu hupokea kiwandani faranga 95,000 kwa mwezi, makato yakiwa yamekwisha kutolewa. Mwezi wa Agosti alipiga arusi tatu, kila moja kwa faranga 150,000. Mkononi mwake zilipita faranga 450,000, yaani karibu mara tano ya mshahara wake. Hapo ndipo wengi huandika barua ya kuacha kazi.

Lakini tuitazame arusi moja. Katika zile faranga 150,000, msaidizi anayeshika kamera ya pili alilipwa 30,000. Usafiri wa pikipiki na teksi, pamoja na chakula cha siku nzima, ulikula 12,000. Vifaa vya kuhifadhia picha na bando la intaneti la kumpelekea mteja kazi yake vilikula 8,000. Inabaki gharama ambayo haionekani: kamera. Kamera huchakaa kidogo kidogo kila inapotumiwa, na siku itakapokufa lazima inunuliwe nyingine. Basi kila arusi iweke kando faranga 20,000 kwa ajili hiyo. Jumla ya gharama ni 70,000. Kilichobaki ni 80,000, na kwa arusi tatu ni 240,000.

Hiyo 240,000 ndiyo mapato yake ya Agosti, wala si 450,000. Anayesahau kuhesabu kamera hudhani anapata faida, kumbe anaila kamera yake mwenyewe.

Jambo jingine la kuangalia ni malipo ya kwanza. Mteja hutoa nusu ya fedha siku ya kuagiza, pengine miezi miwili kabla ya arusi. Fedha hiyo bado si yako. Arusi ikiahirishwa itarudishwa. Iandikwe katika ukurasa wake peke yake, na ihamie katika mapato siku kazi inapokabidhiwa. Kadhalika nusu ya pili isiandikwe mpaka imelipwa, maana maarusi wakishakwenda kwao, deni la mpiga picha huwa la mwisho kukumbukwa. Wenye kutazamia fedha za matangazo ya YouTube nao wafuate kanuni hiyo hiyo. Fedha hizo hujikusanya kwanza mpaka zifike dola 100 ndipo zitolewe, na mwezi wa kutazamwa video si mwezi wa kulipwa. Ziandikwe zikishaingia.

MIEZI KUMI NA MIWILI, WALA SI MIEZI MIZURI

Arusi za Rwanda zina majira yake. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo miezi ya kuposa, ya kutoa mahari na ya kufunga ndoa. Desemba huamka tena. Kwaresima wakristo wengi hawafungi ndoa. Aprili ni mwezi wa maombolezo: kuanzia tarehe 7 taifa hukumbuka mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994, na juma hilo halina sherehe. Mwenye kupima sanaa yake kwa Agosti peke yake amepima mvua siku ya gharika.

Kwa hiyo mwenzetu aliandika mwaka mzima. Mapato yake halisi, gharama zikiwa zimetolewa, yalikuwa hivi, kwa maelfu ya faranga:

Januari 40, Februari 50, Machi 35, Aprili 10, Mei 40, Juni 110, Julai 210, Agosti 240, Septemba 120, Oktoba 60, Novemba 55, Desemba 180.

Jumla ni 1,150,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa kumi na mbili unapata karibu faranga 96,000 kwa mwezi, yaani sawasawa na mshahara wake wa kiwandani. Lakini tazama: miezi saba kati ya kumi na miwili haikufika hata faranga 61,000. Wastani hauli chakula. Mtoto anakula mwezi wa Aprili kama anavyokula mwezi wa Agosti.

KAZI ULIZOZIKATAA

Atasema mtu: "Lakini nikiacha kiwanda nitapata muda, na kazi zitaongezeka." Ni kweli, ila ziongezeke kiasi gani? Hili nalo lisikisiwe. Liandikwe.

Kila mara mteja anapomwita nawe ukakataa kwa sababu ya zamu, andika: tarehe, kazi, na kiasi ambacho kingebaki baada ya gharama. Ndoa za serikali, kwa mfano, mara nyingi hufungwa Alhamisi ofisini kwa sekta, na mtu wa kiwanda hawezi kwenda. Mwenzetu aliandika kazi za namna hiyo mwaka mzima, akakuta zimefika faranga 980,000.

Asizihesabu zote. Baadhi ya wateja wale wangebishana bei, wengine wangeghairi, na kazi mbili zingeangukia siku moja. Kuhesabu nusu ni kipimo cha haki: 490,000. Akiziongeza katika miezi yake, mwaka wa msanii asiye na kiwanda unakuwa hivi:

Januari 70, Februari 80, Machi 60, Aprili 20, Mei 80, Juni 160, Julai 270, Agosti 300, Septemba 170, Oktoba 100, Novemba 90, Desemba 240.

Jumla ni 1,640,000. Daftari la mtu ambaye halina kazi zilizokataliwa linamwambia neno zito: kinachompungukia ni wateja, na kuacha kiwanda hakuleti wateja.

NYUMBA INAHITAJI NGAPI?

Leo nyumba ya mwenzetu hutumia faranga 115,000 kwa mwezi, pamoja na sehemu ya karo ya shule. Lakini siku ya kuacha kazi, gharama hupanda. Chakula cha mchana alichokipata kazini sasa ni chake. Tena kuna fungu ambalo mfanyakazi halioni: mchango wa mwajiri katika pensheni. Kuanzia Januari 2025 mchango wa pensheni ya RSSB ni asilimia 12 ya mshahara, nusu ikitolewa na mfanyakazi na nusu na mwajiri. Ukiondoka, nusu ya mwajiri inakwenda. Msanii anaweza kujiwekea akiba ya uzeeni katika mpango wa Ejo Heza, ulioanzishwa mwaka 2018 kwa ajili hasa ya watu wasio na mshahara, lakini sasa fedha yote inatoka mfukoni mwake. Mitiweli nayo mwaka wake huanza tarehe 1 Julai, na haingoji arusi.

Mwenzetu akaongeza faranga 15,000. Hitaji la nyumba likawa 130,000 kwa mwezi, yaani 1,560,000 kwa mwaka. Mapato ya 1,640,000 yanashinda hitaji kwa faranga 80,000 tu. Basi sanaa inaweza kumlisha, lakini kwa nafasi nyembamba sana. Kama jumla ya mwaka ingekuwa chini ya hitaji, hesabu ingeishia hapa: akiba yoyote ile ingekwisha tu, mapema au baadaye.

SHIMO LA JANUARI HADI MEI

Watu wengi huhesabu akiba hivi: "Nina faranga 390,000, nyumba hula 130,000, basi nina miezi mitatu." Hesabu hiyo haitoshi kwa mtu ambaye mapato yake hupanda na kushuka. Yafaa kutembea mwezi kwa mwezi, ukiandika kila mwezi umeongeza au umepunguza kiasi gani.

Tumfuate anayeondoka tarehe 1 Januari. Januari anapata 70,000 na kutumia 130,000: amepungukiwa 60,000. Februari anapungukiwa 50,000, Machi 70,000, Aprili 110,000, Mei 50,000. Mwisho wa Mei amezama faranga 340,000. Juni ndipo anaanza kupanda.

Sasa tumfuate anayeondoka tarehe 1 Juni. Juni anabakiza 30,000, Julai 140,000, Agosti 170,000. Mwisho wa Agosti ana ziada ya 340,000. Septemba hadi Desemba anapanda na kushuka kidogo, na mwaka unapokwisha ana 420,000. Kisha linakuja lile shimo la Januari hadi Mei, linamla 340,000, naye anafika Mei nyingine akiwa na 80,000.

Mtu ni yule yule, sanaa ni ile ile, mwaka ni ule ule. Wa kwanza alihitaji akiba ya 340,000 ili tu asife njaa. Wa pili hakuigusa akiba yake katika mwaka wa kawaida. Tofauti ni tarehe ya barua. Na anayeondoka Septemba, mfuko ukiwa umejaa fedha za Agosti, anakutana na shimo lile lile akiwa hajajenga kitu: ifikapo Mei amezama 260,000. Hata wa Juni naye hajaokoka akizila zile 420,000 kwa kudhani ni faida. Fedha ya kiangazi tayari ina mwenyewe, na mwenyewe ni Aprili.

AKIBA IWE KIASI GANI?

Kwanza, akiba ilizibe shimo: 340,000. Pili, akiba iweze kustahimili kuharibika kwa mwezi mmoja ulio bora kuliko yote, yaani Agosti, 300,000. Jumla ni 640,000. Tuseme 650,000, ambayo ni hitaji la nyumba la miezi mitano.

Kwa nini tuhesabu mwezi bora uliopotea? Kwa sababu Rubavu imeyaona hayo. Machi 2020 ugonjwa wa Korona ulifunga mipaka na sherehe. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba na barabara mjini kwetu, kiangazi kikiwa mlangoni. Mwanzoni mwa Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, ukaua watu na kuharibu nyumba, na maji yakaingia hata kiwanda cha chai cha Pfunda. Januari 2025 vita vya Goma vilileta mabomu hadi upande wetu, na mambo ya mpakani yakavurugika. Hayo ni mambo manne katika miaka sita. Msanii ambaye wateja wake wengi hutoka Goma awahesabu katika safu yao peke yao, kisha aitembeze hesabu tena bila wao, aone kama bado anasimama.

Akiba hiyo ya miezi mitano haiwezi kumkinga mtu na mwaka kama 2020, ambao kiangazi kizima kiliharibika. Hakuna mfanyakazi awezaye kujiwekea akiba ya namna hiyo. Kwa mwaka kama huo kinga ni nyingine: cheti kizuri cha kazi na mlango uliofungwa kwa heshima, ili uweze kubisha tena.

Mwenzetu ataipata wapi 650,000? Kwa mwaka mmoja, kuanzia Juni hadi Mei, mshahara wake ni 1,140,000 na sanaa 1,150,000, jumla 2,290,000. Nyumba hula 1,380,000. Akiishi kwa matumizi yake ya leo, atakuwa na faranga 910,000. Inatosha kinga ya 650,000, na 260,000 za kumaliza madeni. Lakini akianza kuweka Septemba, ifikapo mwisho wa Mei atakuwa na 410,000 tu. Huyo asiondoke Juni hiyo. Azidi mwaka mmoja.

Akiba hii isichanganywe na fedha ya kamera, wala na malipo ya kwanza ya wateja. Na isiwe mkopo. Mkopo wa benki unaokatwa katika mshahara umalizike kabla ya barua, maana siku mshahara unapokoma, deni halikomi.

MCHUMAJI WA CHAI HESABU YAKE NI NYINGINE

Haya tumeyasema kwa mtu wa mshahara wa mwezi. Mchumaji wa chai anayelipwa kwa kilo atazame jambo moja la ajabu: chai hutoa majani mengi wakati wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena Oktoba na Novemba, na hupungua kiangazi. Arusi hujaa kiangazi na kupungua wakati wa mvua. Kazi hizi mbili zinapishana kama zamu ya usiku na ya mchana. Shimo la sanaa linajazwa na chai, na shimo la chai linajazwa na sanaa. Kwa mtu huyu kuacha kabisa mara nyingi ni kupoteza. Yafaa azungumze na mnyapara wake apunguze siku za kuchuma kuanzia Juni hadi Agosti, kisha arudi kwa nguvu mvua zikianza.

Hata wa kiwandani anayo njia ya kujaribu. Sheria ya Kazi namba 66 ya mwaka 2018 inampa mfanyakazi siku 18 za likizo kwa mwaka. Aiombe likizo hiyo katikati ya juma la Julai, akatazame kama zile kazi za Alhamisi alizokuwa akizikataa zinakuja kweli.

BARUA, NA BAADA YA BARUA

Aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi hutoa taarifa ya siku 30 kabla ya kuondoka. Aliye chini ya mwaka hutoa siku 15. Mwenzetu anayetaka kuwa huru tarehe 1 Juni aandike basi mwishoni mwa Aprili, abaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Adai malipo ya likizo ambayo hakuitumia na cheti cha kazi. Asitazamie malipo ya kiinua mgongo ya mtu aliyepunguzwa kazini, kwa kuwa yeye ameondoka kwa hiari.

Kabla ya kuandika, aulize RSSB ana miaka mingapi ya michango. Pensheni ya uzee ya kila mwezi hutaka miaka 15. Mwenye miaka 13 atafakari sana: pengine miaka miwili zaidi ina thamani kuliko arusi nyingi. Au aulize juu ya kuendelea kuchangia kwa hiari.

Akishaondoka, mizani yake iko mwisho wa Agosti. Kwa hesabu yetu, siku hiyo akiba ya 650,000 yapasa iwe imefika 990,000. Ikiwa ni 950,000, mambo ni sawa. Ikiwa ni 800,000, kiangazi kimepita na hakikutoa kilichotarajiwa, na shimo liko mbele. Hapo ndipo pa kutafuta kibarua cha Oktoba na Novemba, mfuko ungali na kitu. Anayengoja mpaka Aprili ataitafuta kazi akiwa na njaa, na mwenye njaa hukubali bei yoyote.

Iko dalili nyingine inayotangulia zote. Siku utakapolipa kodi ya nyumba kwa fedha ya malipo ya kwanza ya arusi ambayo bado hujaipiga, jua kwamba akiba imekwisha, hata kama sanduku bado lina noti. Unakula kazi ya kesho. Siku hiyo hesabu ianze upya, mwezi kwa mwezi.